Nusu Iliyogeuka Theluthi: Historia ya Kanuni Tatu za Kupunguza Michoro ya Visanduku

Msomaji, nianze na aibu yangu mwenyewe. Kwenye kazi yangu ya shahada ya uzamili nilihitaji kichujio cha kuondoa kelele kwenye kihisio. Sikutaka makuu. Nilichukua rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, nikapata kichujio kimoja. Kwa kuwa kimoja hakikutosha, nikaunga cha pili kinachofanana nacho kabisa, mkia wa kwanza kwenye kichwa cha pili. Nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa: visanduku viwili vikifuatana, zidisha. Kwenye mawimbi ya hezi 159 hesabu ilisema nikiingiza volti 2 nitatoa volti 1, yaani nusu kamili.

Osiloskopu ikaonyesha volti 0.67.

Nikabadilisha kapasita. Nikabadilisha rezista. Nikahamia bredibodi nyingine. Siku mbili nzima nilikuwa natafuta waya uliolegea, na kesho yake natakiwa kumwonyesha msimamizi matokeo. Bado 0.67. Siyo nusu, theluthi. Na theluthi iliyonyooka hivyo haiwezi kuwa waya umelegea, kwa sababu waya uliolegea hautoi majibu nadhifu. Hapo ndipo nikajiuliza swali ambalo darasani sikuwahi kuliuliza: hivi nani alinipa ruhusa ya kuzidisha?

Swali hilo lina historia, na inaanzia kwenye simu. Twende taratibu, halafu mwishoni turudi kwenye kichujio changu tuone theluthi ilitoka wapi.

Kisanduku ni ahadi

Kwanza tuelewane kuhusu kisanduku. Ukichora kisanduku na kuandika G ndani yake, umesema hivi: kitu kikiingia upande wa kushoto, kinatoka kulia kikiwa kimezidishwa kwa G. Hiyo G ndiyo tunayoiita uwiano wa uhamisho, yaani kinachotoka kugawanya kwa kilichoingia. Inaweza kuwa namba ya kawaida, mfano amplifaya inayokuza mara 100. Inaweza pia kuwa na herufi s ndani yake, ambayo ni njia ya wahandisi ya kuandika "kasi ya badiliko" kama vile ni namba tu. Kwa mawimbi ya aina moja, yale yanayopanda na kushuka bila kubadilika, s inageuka kuwa j mara kasi ya mawimbi kwa radiani. Hiyo j mraba wake ni −1. Kwa leo hayo yanatosha.

Lakini kisanduku kimebeba ahadi ambayo haiandikwi popote kwenye mchoro. Ahadi yenyewe ni kwamba G haibadiliki kwa sababu ya kile ulichokiunga mbele yake. Habari zinaenda kulia tu. Kisanduku cha pili hakimgusi wa kwanza. Ishike hiyo, tutaihitaji.

Mfululizo: tatizo la laini ndefu

Mwaka 1915 Marekani ilifungua simu ya kutoka New York hadi San Francisco. Waya mrefu unakula sauti, kwa hiyo njiani waliweka vituo vya kuikuza upya, vyenye amplifaya za valvu. Hapo kanuni ya kwanza inajileta yenyewe. Visanduku vikiwa kwenye mfululizo, uwiano wa jumla ni kuzidisha:

```
Jumla = G1 × G2 × G3 × ...
```

Kanuni rahisi kabisa, na ndiyo iliyokuwa inawanyima wahandisi usingizi. Chukua kipande cha waya pamoja na kituo chake, tuseme vyote viwili vimepimwa vizuri ili jumla yao iwe 1: kinachopotea kwenye waya, kituo kinakirudisha. Sasa tuseme kwa joto au uchakavu wa valvu kila kituo kimepanda asilimia 1 tu, kimekuwa 1.01. Ukiwa na vituo 10, jumla ni takriban 1.10, hakuna anayelalamika. Ukiwa na vituo 100, jumla ni 1.01 kwa kipeo cha 100, ambayo ni takriban 2.7. Kosa dogo la asilimia moja limekuwa karibu mara tatu. Vikishuka kwa asilimia hiyo hiyo, inabaki takriban 0.37. Tena hapo hatujagusa upotoshaji wa sauti, ambao nao unaongezeka kila kituo, hasa pale laini moja inapobeba mazungumzo mengi kwa pamoja na mazungumzo hayo yanaanza kuingiliana.

Kijana mmoja aliyekabidhiwa tatizo hili aliitwa Harold Black. Alianza kazi Western Electric mwaka 1921, na kikundi chake baadaye kikawa sehemu ya Maabara ya Simu ya Bell. Wenzake walikuwa wanajaribu kutengeneza valvu bora zaidi. Black akaona kwamba kwa vituo vingi mfululizo, hakuna valvu itakayokuwa bora kiasi hicho. Akaamua kuikubali valvu mbovu na kutafuta mpangilio utakaouficha ubovu wake.

Sambamba: wazo la mwaka 1923

Jaribio lake la kwanza, mwaka 1923, lilitumia kanuni ya pili. Visanduku viwili vikipokea kitu kilekile na matokeo yao yakakutana kwenye duara la kujumlisha, uwiano wa jumla ni kujumlisha, au kutoa kama moja ina alama ya kutoa:

```
Jumla = G1 + G2
```

Black alifanya hivi. Chukua kinachotoka kwenye amplifaya, kipunguze hadi kilingane na kilichoingia, halafu toa kilichoingia. Kinachobaki ni uchafu mtupu, yaani ule upotoshaji peke yake. Ukuze uchafu huo kwa amplifaya ya pili, upeleke kwa njia ya pembeni hadi mwisho, kisha uutoe kwenye sauti iliyochafuka. Uchafu kutoa uchafu ni sifuri. Kwa karatasi, safi kabisa.

Lakini angalia kutoa kunavyofanya kazi. Tuseme uchafu ni 1 na njia ya pembeni inaleta 0.99. Kinabaki 0.01, umepunguza mara mia, hongera. Sasa valvu za njia ya pembeni zichoke asilimia 2 tu. Njia ile inaleta 0.97, na kinachobaki ni 0.03. Uchafu umekuwa mara tatu kwa uchovu wa asilimia 2. Kutoa namba mbili zinazokaribiana ni kazi isiyosamehe. Black mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye, mwaka 1977, kwamba kifaa kile kilitaka mtu wa kukirekebisha kila saa, usiku na mchana. Kwa laini ya vituo vingi, hilo haliwezekani.

Mrejesho: karatasi ya gazeti kwenye kivuko

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927 Black alikuwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kuelekea kazini Manhattan. Wazo likamjia ghafla, na karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa gazeti la siku hiyo, New York Times. Akachora kwenye nafasi iliyokuwa wazi, akaandika milinganyo, na alipofika kazini mwenzake akatia saini kama shahidi.

Wazo lenyewe: chukua kinachotoka, punguza, kirudishe mwanzo, na ukitoe kwenye kinachoingia. Tofauti na lile la 1923, hapa kosa halipelekwi mbele kwa njia ya pembeni. Linarudi nyuma na kupita tena kwenye amplifaya ileile. Hebu tuifanye hesabu pamoja, ni mistari mitatu. X inaingia, Y inatoka, G ni amplifaya, H ni njia ya kurudi. Kinachoifikia amplifaya ni X kutoa HY:

```
Y = G(X − HY)
Y + GHY = GX
Y / X = G / (1 + GH)
```

Hiyo ndiyo kanuni ya tatu, kanuni ya kitanzi. (Black aliandika herufi za Kigiriki na alama yake ilikuwa ya kutoa, kwa sababu alama ya kugeuza aliihesabu ndani ya kitanzi. Maana ni ileile.) Na angalia inachofanya kwa namba. Weka G = 100,000 na H = 0.01:

```
100,000 / (1 + 1,000) = 99.90
```

Sasa valvu zichoke vibaya sana, G ianguke nusu nzima hadi 50,000:

```
50,000 / (1 + 500) = 99.80
```

Amplifaya imepoteza asilimia 50 ya nguvu, na jumla imepoteza asilimia 0.1. Hii inatokea kwa sababu GH ikiwa kubwa sana, ile 1 kwenye asili ya sehemu, yaani namba ya chini, haina uzito. G ya juu na G ya chini zinakatana, na kinachobaki ni 1/H. Na H si valvu. H ni rezista chache zilizotulia, zisizochoka. Ulikuwa na ukuzaji wa laki moja, umeutupa hadi ukabaki mia, na badala yake umenunua utulivu.

Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo walikipima kifaa cha kwanza na kupata upotoshaji umepungua mara 100,000 kwa 1. Hata hivyo watu hawakuelewa kwa nini mtu atupe ukuzaji alioupata kwa shida. Black aliomba hataza mwaka 1928, na akaipata Desemba 1937. Miaka tisa na kitu.

Kulikuwa pia na hofu ya haki. Ukiitazama sehemu ile, utaona kwamba GH ikifika −1, namba ya chini inakuwa sifuri na kifaa kinaanza kupiga kelele chenyewe bila kuingiziwa kitu. Umewahi kusikia spika ikilia kwa sababu maikrofoni imeisogelea? Ndiyo hiyo. Mwaka 1932 mwenzake Black, Harry Nyquist, ndiye aliyechapisha namna ya kujua mapema, kwa kupima kitanzi kabla hakijafungwa, kama kitalia au kitatulia.

Kutoka simu hadi mota

Kwa hiyo kanuni zote tatu tulizonazo leo zilikuwa zinapigwa kazi kwenye simu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Na kwenye simu ile ahadi ya kisanduku ilikuwa karibu na kweli. Valvu inapeleka habari upande mmoja tu. Gridi yake, pale sauti inapoingilia, karibu haivuti mkondo. Kila kituo kilijua mapema kitaungwa na waya wa aina gani. Visanduku vilikuwa visanduku kweli.

Halafu vita ikaja, na mizinga na antena za rada zikahitaji mota zinazofuata shabaha zenyewe. Mwaka 1940 Gordon Brown na wenzake walianzisha maabara ya mifumo hiyo kwenye chuo cha MIT. Kwenye mfumo kama ule kuna amplifaya, kuna mota, kuna gia, kuna kipima pembe, na vyote vinahitaji kuongea lugha moja. Michoro ya visanduku ikawa lugha hiyo: umeme, chuma na gia kwenye karatasi moja. Lakini michoro sasa ilikuwa na vitanzi ndani ya vitanzi, na vingine vimepandana, kimoja kinaanza katikati ya kingine. Kanuni tatu pekee hazitoshi kwa vitanzi vilivyopandana, maana hakuna hata kimoja kinachosimama peke yake ili uandike G/(1+GH).

Dawa ni kusogeza. Sehemu unapochukua mawimbi ya kurudisha, tuite kituo cha kuchota, unaweza kuisogeza mbele au nyuma ya kisanduku mradi ulipe deni. Ukikisogeza kituo mbele ya kisanduku G, unachota kitu kilichokwisha kuzidishwa kwa G, basi kwenye tawi hilo weka 1/G. Ukikirudisha nyuma, weka G. Mwaka 1951 mhandisi T. D. Graybeal alichapisha makala ya kanuni za kubadilisha michoro ya namna hii kwenye jarida la wahandisi wa umeme wa Marekani. Majedwali ya kusogeza unayoyakuta leo kwenye vitabu vya mifumo ya udhibiti ni ya ukoo huohuo.

Sasa turudi kwenye theluthi

Kichujio changu kimoja, kikiwa peke yake, kina uwiano huu, ambapo RC kwangu ni milisekunde 1:

```
1 / (1 + RCs)
```

Kwenye hezi 159, ambayo ni radiani 1,000 kwa sekunde, RCs inakuwa j tu. Nikazidisha viwili: 1/(1 + j)². Namba ya chini ni 2j, ukubwa wake 2. Nusu. Hesabu haina kosa hata kidogo.

Kosa lipo kwenye ahadi. Kichujio cha pili hakina gridi ya valvu pale mlangoni. Kina rezista, na rezista inavuta mkondo. Mkondo huo unatoka kwenye kapasita ya kwanza. Kwa hiyo kisanduku cha kwanza nilichokipima kikiwa peke yake si kile kilichokuwa kwenye bredibodi. Nilikuwa nimezidisha kitu kisichokuwepo.

Uzuri ni kwamba mchoro wa visanduku unaweza kusema ukweli, mradi uchore mikondo yenyewe. Tuuchore kwa maneno. Volti ya kuingia kutoa V1 (volti ya kapasita ya kwanza), gawanya kwa R, unapata mkondo i1. Mkondo i1 kutoa i2, gawanya kwa Cs, unapata V1. V1 kutoa V2, gawanya kwa R, unapata i2. Mkondo i2 gawanya kwa Cs, unapata V2, ambayo ndiyo inayotoka. Hesabu kutoa: ni tatu. Kila kutoa ni kitanzi. Kitanzi cha katikati, kile cha i2, ndicho nilichokisahau, na kimepandana na vingine viwili. Ndicho mzigo wenyewe: mkondo unaoibwa, ukirudi kama mrejesho.

Tuupunguze. Ili tusichoke kuandika, tuseme a = 1/(RCs).

Hatua ya kwanza, kitanzi cha mwisho. Kutoka V1 hadi V2 kuna a mbele na kinarudi kizima, kwa hiyo:

```
V2 / V1 = a / (1 + a)
```

Hatua ya pili, kitanzi cha katikati. Kituo cha kuchota i2 kiko ndani ya kitanzi tulichokwisha kukifunga. Tukisogeze mbele hadi V2. Kati yake kuna kisanduku 1/(Cs), kwa hiyo deni ni Cs. Sasa njia ya mbele ni 1/(Cs) mara a/(1+a), na njia ya kurudi ni Cs. Zidisha kitanzi kizima: Cs zinakatana, inabaki a/(1+a). Kwa kanuni ya kitanzi:

```
V2 / i1 = (1/Cs) × a / (1 + 2a)
```

Hatua ya tatu, kitanzi cha kwanza. Kituo cha kuchota V1 nacho tukisogeze hadi V2. Deni ni kinyume cha hatua ya kwanza, yaani (1+a)/a. Njia ya mbele ni 1/R mara tulichopata, ambayo ni a²/(1+2a). Kitanzi kizima ni a(1+a)/(1+2a). Funga:

```
V2 / Vin = a² / (1 + 3a + a²)
         = 1 / (1 + 3RCs + (RCs)²)
```

Linganisha na nilichokuwa nacho mwanzo. (1 + RCs)² ukiifungua ni 1 + 2RCs + (RCs)². Tofauti yote ni 2 kuwa 3. Weka RCs = j: namba ya chini inakuwa 1 + 3j − 1, yaani 3j. Ukubwa wake 3. Theluthi! Volti 2 gawanya kwa 3 ni 0.67. Osiloskopu ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Mason na njia ya mkato

Umeona kazi ya kusogeza ilivyo: kila hatua ina deni, na ukisahau deni moja tu, jibu linaharibika kimyakimya. Samuel Mason wa MIT alichapisha mwaka 1953, na tena mwaka 1956, njia ya kuandika jibu bila kusogeza chochote. Unavitafuta vitanzi vyote, unaandika zao la kila kimoja, halafu unaangalia vipi havigusani.

Kwetu vitanzi ni vitatu, kila kimoja zao lake ni −a. Namba ya chini inaanza na 1, unatoa jumla ya vitanzi, inakuwa 1 + 3a. Kisha unaongeza zao la kila jozi ya vitanzi visivyogusana. Cha kwanza na cha mwisho havigusani, vimetenganishwa na cha katikati: ongeza a². Njia ya moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho ni a², nayo inagusa vitanzi vyote, basi inakaa juu kama ilivyo. Jibu: a²/(1 + 3a + a²), kwa mstari mmoja. Mimi huwa natumia zote mbili, nasogeza kwanza, halafu nahakiki kwa Mason. Zikikataana najua kuna deni sijalipa.

Lakini kumbuka: Mason naye anapokea mchoro uliomletea. Ukimchorea visanduku viwili bila kitanzi cha katikati, atakupa nusu yako kwa adabu zote.

Utajuaje kabla ya kupoteza siku mbili?

Kipimo ni chepesi. Pima kinachotoka kwenye kisanduku cha kwanza kikiwa peke yake. Halafu unga cha pili, na upime palepale. Volti ikibadilika, ahadi imevunjika na huna ruhusa ya kuzidisha. Kwangu mimi, kichujio cha kwanza peke yake kilitoa takriban volti 1.41. Baada ya kuunga cha pili ilikuwa takriban 0.94. Ningepima hapo mara moja ningeokoa siku mbili.

Ukishajua, una dawa mbili. Ya kwanza ni kuifanya ahadi iwe kweli: weka opampu katikati, iliyounganishwa ili itoe volti ileile inayoipokea. Mlango wake karibu hauvuti mkondo, na ndani yake inatumia mrejesho ule ule wa Black. Ya pili ni kuupunguza mzigo: fanya rezista ya pili iwe mara kumi, kilo-omu 100, na kapasita ya pili iwe moja ya kumi, nanofaradi 10. RC inabaki ileile, lakini mkondo unaoibwa unapungua, na ile 3 ya katikati inakuwa 2.1. Jibu kwenye hezi 159 ni volti 2 gawanya kwa 2.1, yaani 0.95. Si nusu kamili, ila kwa kazi nyingi inatosha, na hujanunua opampu.

Nilimwonyesha msimamizi kesho yake. Nilipeleka theluthi pamoja na mchoro wa vitanzi vitatu. Akautazama, akaweka kidole kwenye kitanzi cha katikati, akauliza, "Hiki kwenye ripoti yako ya mwezi uliopita kilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nimerudi nimeongeza opampu, na ile ripoti ya mwezi uliopita naiandika upya.